Cheti cha mafunzo sio leseni: mwenye kampuni ya ulinzi akague nini kabla ya kumpeleka mtu lindoni

Ukiingia ofisi nyingi za kampuni za ulinzi ukaomba faili la mlinzi mmoja utaletewa vitu vilevile, fotokopi ya kitambulisho, picha mbili za pasipoti, barua ya mdhamini na cheti cha mafunzo chenye muhuri mkubwa, halafu bosi atakwambia huyu yuko vizuri, amesoma. Sawa, amesoma, ila swali ambalo mkaguzi atauliza sio hilo, yeye atauliza huyu mtu anaruhusiwa kisheria kusimama kwenye geti hili, kwa kazi hii, usiku wa leo? Na hapo ndo unakuta faili lote halina jibu.

Tuanze na kutenganisha karatasi zenyewe kwa sababu zinachanganywa sana. Kuna cheti cha mafunzo, hiki kinatoka chuoni au kwa mkufunzi na kinasema tu kwamba fulani alihudhuria kozi fulani akafaulu. Kuna leseni au usajili wa mlinzi mwenyewe, huu unatoka kwenye mamlaka ya serikali, na mamlaka kabla haijautoa inaangalia zaidi ya mafunzo, inaangalia umri, inaangalia kama jina ni la kweli, inaangalia rekodi ya makosa ya jinai kwa alama za vidole au kwa njia nyingine. Halafu kuna leseni ya kampuni, ambayo ni ya biashara na haimfunikii mtu yeyote mmoja mmoja. Ni kama udereva tu, cheti cha shule ya udereva hakikupi ruhusa ya kuingia barabarani, na gari la kampuni kuwa na vibali vyote hakumpi leseni dereva aliyekaa kwenye usukani.

Nchi hazifanani katika hili na ndo maana ushauri wa kuokota okota mtandaoni unaponza watu. Kenya, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016, kampuni inasajiliwa na mlinzi naye anasajiliwa, wote kwa mamlaka moja inayoitwa PSRA. Afrika Kusini pia ni hivyo, sheria yao namba 56 ya 2001 iliunda PSIRA, na kule mlinzi ana daraja kuanzia E ambalo ni la chini mpaka A, kwahiyo haitoshi kujua amesajiliwa, unatakiwa ujue amesajiliwa daraja gani. Uingereza ni tofauti kidogo, kule mamlaka inayoitwa SIA inatoa leseni kwa mtu na sio kwa kampuni, kampuni kuna mpango wa hiari tu wa kuidhinishwa. California wanataka kampuni iwe na leseni ya kuendesha biashara ya doria na mlinzi awe na kadi yake. Kwahiyo kitu cha kwanza kabla hujagusa faili la mtu ni kujua kwenu mfumo una tabaka ngapi, maana unaweza kukagua kwa bidii sana tabaka moja na lile lingine likakuangusha.

Sasa nichukue kazi moja tuifanye mpaka mwisho, naona ni rahisi kuelewa hivyo kuliko kuorodhesha kanuni. Tuseme kampuni yako imepata mkataba wa kulinda ghala la bidhaa, walinzi sita, wawili getini wanapoingia malori, wawili wa doria kuzunguka uzio, mmoja chumba cha kamera na mmoja supavaiza wa zamu. Kazi inaanza Jumatatu saa 12 jioni. Leo ni Alhamisi na faili sita ziko mezani. Tuseme pia sheria ya hapo inadai leseni ya mtu mmoja mmoja kwa aina ya kazi, na mamlaka ina rejista ya wazi onlaini ambayo yeyote anaweza kutafuta namba ya leseni, kama ilivyo SIA.

Watu wengi hapa wanaanza kwa kufungua vyeti na kuangalia mihuri. Mi nasema anza na rejista. Kadi iliyoko mfukoni mwa mlinzi ilichapishwa siku ile leseni ilipotolewa, haijui kilichotokea baada ya hapo. Mtu anaweza kusimamishwa leseni kwa sababu ana kesi, au leseni ikafutwa kabisa, na kadi bado inang'aa, tarehe ya mwisho bado miaka miwili mbele, picha ni yake, kila kitu safi. Sheria inaweza kumtaka airudishe lakini huo uaminifu usiuwekee dau. Rejista ndo inayojua hali ya leo. Kwahiyo unachukua namba kwenye kadi, unaiandika mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka, tovuti uliyoiingia mwenyewe kwa kuandika anwani na sio kwa kugusa linki aliyokutumia mlinzi kwenye wasap, maana kurasa za kughushi zinazofanana na za mamlaka zipo na kutengeneza moja sio kazi ngumu.

Ukurasa ukifunguka unasoma vitu vinne na usiruke hata kimoja. Jina, aina ya leseni, hali yake, na tarehe ya mwisho. Hapo tayari tunaanza kupoteza watu.

Mlinzi wa kwanza, wa getini, ni mzee wa kazi, miaka tisa analinda jengo la benki, barua nzuri ya mwajiri wake wa zamani, cheti cha mafunzo kipo. Leseni hana. Unashangaa, miaka tisa yote? Inawezekana kabisa na sio lazima awe mwongo. Kuna nchi ambazo mtu aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye jengo kulinda mali ya mwajiri wake hahitaji leseni, Uingereza ni mojawapo kwa ulinzi wa kawaida, ila mtu huyohuyo akiajiriwa na kampuni inayouza huduma ya ulinzi kwa mteja mwingine anahitaji leseni kuanzia zamu ya kwanza. Uzoefu wake ni wa kweli na utakufaa sana baadaye, lakini Jumatatu haendi. Anaomba leseni, anasubiri, na akisubiri unaweza kumpa kazi za ofisini zisizo za ulinzi. Usimweke getini na fulana ya njano ukamwita "mpokeaji wageni", wakaguzi wanaangalia mtu anafanya nini, sio ameitwa nani, na mtu anayezuia malori, anakagua mizigo na kuamua nani aingie ni mlinzi hata umvalishe suti.

Wa pili leseni anayo, iko hai, jina sawa, lakini aina yake ni ya kuendesha kamera tu na umempanga geti. Hili kosa ni la kwako sio lake. Aina za leseni mara nyingi hazibebani, na pale zinapobebana zinabebana upande mmoja. Mfano SIA, mwenye leseni ya kusimamia milango ya baa na kumbi anaruhusiwa kufanya pia ulinzi wa kawaida, lakini mwenye leseni ya ulinzi wa kawaida haruhusiwi kusimama mlango wa baa. Mtu akisikia "ana leseni ya ulinzi" anadhani imeisha, kumbe swali ni ulinzi gani. Huyu wa pili suluhisho lake rahisi, mpeleke chumba cha kamera alikotakiwa kuwa tangu mwanzo, ila sasa na yule uliyempanga kamera unamtoa, na kabla ya kumtoa angalia leseni yake inamruhusu geti au vipi, usije ukaziba tundu moja ukafungua lingine.

Wa tatu kila kitu kiko sawa isipokuwa leseni inaisha baada ya wiki sita na mkataba wako ni wa mwaka. Huyu Jumatatu anaenda. Lakini andika tarehe yake kwenye kalenda leo, sio siku hiyo, kwasababu kuhuisha leseni kunachukua muda na siku hizi kunaweza kudai mafunzo mapya juu yake. SIA inaruhusu kuomba kuhuisha mpaka miezi minne kabla ya kuisha na siku zilizobaki hazipotei zinaongezwa kwenye leseni mpya, kwahiyo hakuna faida yoyote ya kusubiri, na kuanzia Aprili 2025 mlinzi wa kule anayehuisha lazima awe amepita kozi ya kujikumbusha kwanza, na kabla ya kozi hiyo lazima awe na cheti cha huduma ya kwanza ambacho hakijaisha. Unaona mnyororo ulivyo, cheti cha huduma ya kwanza kikiwa kimeisha hapati kozi, asipopata kozi hapati leseni, asipopata leseni lindo lako liko wazi. Na hicho cheti cha huduma ya kwanza ndo ambacho hakuna mtu anayekifuatilia. Kwenye jedwali lako la wafanyakazi weka safu ya tarehe ya leseni na safu nyingine ya tarehe ya huduma ya kwanza, zote mbili.

Wa nne jina linagongana. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha mafunzo kina mawili na moja limeandikwa tofauti, kwenye rejista yanatokea mawili lakini yamepinduliwa. Mara nyingi hii ni uzembe wa karani wa chuo na sio utapeli, lakini usiipuuze kwasababu ndo mlango uleule anaoupita mtu anayetumia leseni ya ndugu yake. Linganisha picha ya kwenye kadi na mtu aliyekaa mbele yako, sio na fotokopi, fotokopi nyeusi ya picha ndogo inaweza kuwa ya mtu yeyote mwenye nywele fupi. Linganisha tarehe ya kuzaliwa. Halafu mwambie aandike jina lake na kusaini mbele yako, ulinganishe na saini za karatasi nyingine. Kama vyote vinakubaliana anaweza kwenda, na wakati huohuo aanze kurekebisha jina, maana siku mkaguzi akija saa 8 usiku hatakuwa na muda wa kusikiliza historia ya karani.

Wa tano nitamrudia, cheti chake kina stori ndefu.

Wa sita ni supavaiza na hapa kuna kitu watu wanajisahaulisha. Sehemu nyingi leseni inahitajika kwa anayelinda na pia kwa anayewasimamia wanaolinda, na kwenye baadhi ya mifumo hata wakurugenzi wa kampuni wanaingia. Kwahiyo wewe mwenyewe mwenye kampuni jiweke kwenye orodha ya watu wa kukaguliwa. Sio utani, kuna kampuni ina walinzi wote wamenyooka halafu leseni ya bosi ndo imelala.

Haya, tumeongea leseni, sasa turudi kwenye mafunzo maana leseni kuwepo haimaanishi mafunzo yamekamilika, na hili linawachanganya hata wazoefu. California ni mfano mzuri kwasababu saa zake zimeandikwa wazi. Mlinzi mpya anatakiwa saa 40 kwa jumla lakini hazifanyiki zote kabla ya kadi. Saa 8 za mwanzo, za mamlaka ya kukamata na matumizi sahihi ya nguvu, ndo za kabla. Halafu saa 16 ndani ya siku 30 za mwanzo tangu apate usajili, na saa 16 nyingine ndani ya miezi 6. Baada ya hapo saa 8 kila mwaka. Sasa fikiria mtu anakuja kwako akiwa na miezi minne tangu asajiliwe, rejista inamuonyesha hai, na wewe unatikisa kichwa unampanga. Ukimuuliza cheti cha zile saa 16 za siku 30 hana, kampuni aliyotoka ilimwambia "utafanya baadaye". Leseni hai, mafunzo yamepungua, na kuanzia anapovaa sare yako pengo hilo ni lako. Kwahiyo kama mfumo wenu una mafunzo ya hatua kwa hatua chukua tarehe ya usajili iliyoko kwenye rejista, hesabu mbele, na ujiulize mpaka leo alitakiwa awe na vyeti gani mkononi.

Na kuna mafunzo ya vifaa. Mlinzi wa kawaida sio mlinzi wa silaha. Bunduki karibu kila sehemu ina kibali chake na mafunzo yake na mazoezi yake ya shabaha ya kurudiwa, California hata kirungu kina kibali chake tofauti. Mteja akikwambia kwenye simu Jumapili jioni "naomba mmoja wenu aje na silaha" jibu ni kwamba kesho hapana, kwasababu hiyo inagusa leseni ya mlinzi, leseni ya kampuni, umiliki wa silaha yenyewe na bima yako kwa mpigo. Mbwa nao vilevile, kuna sehemu anayetembea na mbwa wa ulinzi anatakiwa mafunzo yake. Ukimpa mtu kifaa ambacho karatasi zake hazikitaji umemtoa nje ya leseni yake.

Sasa yule wa tano. Leseni ameiomba na "iko njiani", kwa maneno yake, na cheti cha mafunzo anacho, kizuri kimewekewa fremu kabisa. Tuone jinsi ya kukisoma.

Angalia kwanza tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, uweke pembeni ya saa za kozi. Kama cheti kinasema kozi ya saa 40 na tarehe ni Ijumaa mpaka Jumapili, hizo ni saa zaidi ya 13 kwa siku, siku tatu mfululizo, na mtihani ndani yake. Labda chuo kilifanya hivyo, lakini mamlaka nyingi zinaweka kikomo cha saa za darasa kwa siku au idadi ya chini ya siku, hivyo hata kama mtu alikaa kweli cheti kinaweza kukataliwa. Kosa la hivi linaonekana kwa macho na linachukua dakika moja kuliona.

Halafu namba ya cheti. Ukiwa na faili la mtu mmoja namba haikwambii kitu, ila ukiweka vyeti vya chuo kimoja pamoja mezani vinaanza kuongea. Namba za mbele zinatakiwa kuwa na tarehe za mbele. Ukikuta cheti cha Machi kina namba kubwa kuliko cha Septemba ya mwaka huohuo, au mbaya zaidi namba moja kwenye majina mawili, hapo kuna mtu ana faili la kompyuta anabadilisha jina tu. Kwenye hivyo vya kubadilisha jina mara nyingi utaona maandishi ya jina yana wino au ukubwa tofauti kidogo na mistari mingine, au saini ya mkufunzi iko mahali palepale, mkunjo uleule, kwenye vyeti vyote, kwa sababu ni picha iliyopachikwa, binadamu hasaini mara mbili sawasawa.

Baada ya hapo piga simu chuoni, na hapa kosa ni moja tu na karibu kila mtu analifanya, anapiga namba iliyochapishwa kwenye cheti. Aliyeghushi cheti hashindwi kuweka namba ya rafiki yake. Nenda kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na mamlaka, tafuta jina la chuo, chukua namba ya hapo. Kama chuo hakimo kwenye orodha umepata jibu lako hata bila kupiga. Kama kimo angalia kiliidhinishwa lini, maana cheti cha kabla ya tarehe ya idhini ni cheti cha chuo ambacho wakati huo hakikuwa na ruhusa ya kufundisha. Ukimpata mtu wa chuo usimuulize "mnamjua fulani", atasema ndio ili amalize simu. Muulize aangalie daftari la mahudhurio akusomee yeye tarehe ya darasa na namba ya cheti, wewe usimtajie. Zikilingana na ulizonazo vizuri.

Na muulize mlinzi mwenyewe, ila maswali ya mtu aliyekaa darasani. Usimuulize majukumu ya mlinzi ni yapi, hayo yako kila sehemu. Muulize kizimamoto cha unga na cha gesi ya kaboni alivishika kwa zamu au mkufunzi alionyesha tu, na kwanini ukitumia cha gesi hushiki mdomo wake wa mbele bila mpini (unapata ubaridi mkali mpaka ngozi inaungua). Mpe kitabu cha matukio tupu na mwambie aandike lori limefika saa 2 usiku bila karatasi na dereva anagombana. Aliyefundishwa ataandika saa, namba ya gari, alichokiona, alichokisema dereva, alichokifanya yeye, alimpigia nani, atasaini. Ambaye hakufundishwa ataandika "dereva alikuwa mkorofi tukamfukuza". Hiyo dakika tano inakwambia mengi kuliko muhuri.

Tuseme cheti cha wa tano kimepita yote haya, ni cha kweli. Bado leseni "iko njiani" na kwa hiyo mbele ya sheria hana leseni. Risiti ya malipo sio leseni, barua pepe ya kupokelewa maombi sio leseni. Kuna mifumo ina mlango mdogo kwa hili, Uingereza kampuni iliyoidhinishwa kwenye ule mpango wa hiari inaweza kuruhusiwa kuwapanga wachache ambao maombi yao yanashughulikiwa, kwa masharti na kwa karatasi maalum, lakini hiyo ni ruhusa iliyoandikwa kwa kampuni fulani, sio desturi ambayo kila mtu anaweza kujichukulia. Kama huna hiyo karatasi wa tano anabaki nyumbani.

Hesabu ya Alhamisi ikaishia hapo, sita walikuwa wanatosha, Jumatatu una wanne. Wa kwanza hana leseni, wa tano anasubiri. Unahitaji wawili na hujachelewa, ndo maana ukaguzi unafanywa Alhamisi na sio Jumatatu mchana.

Kabla sijafika kwenye kutafuta hao wawili, hifadhi ulichofanya. Kila ukurasa wa rejista uliofungua piga picha ya skrini ukiwa unaonyesha tarehe na saa, au uchapishe, uandike jina la aliyekagua, uweke kwenye faili. Naona watu wanaona hii ni urasimu lakini angalia sheria ya Uingereza ya ulinzi binafsi ya 2001 inavyofanya kazi, kifungu cha 5 kinamshika anayetoa mlinzi asiye na leseni, adhabu yake kwenye mahakama ya juu inafika kifungo cha miaka 5, halafu kifungu hichohicho kinakupa utetezi kama hukujua na hukuwa na sababu ya msingi ya kushuku, au kama ulichukua hatua zote za busara kuzuia. Utathibitishaje kwamba hukuwa na sababu ya kushuku? Kwa ile picha ya skrini ya Alhamisi saa 5 asubuhi inayoonyesha leseni iko hai. Mwenye maneno matupu na mwenye picha hawasimami sehemu moja mbele ya hakimu. Bima pia, soma masharti ya bima yako ya dhima, nyingi zinadai watu wako wawe na leseni zinazotakiwa na sheria, na mlinzi asiye na leseni akimvunja mtu mkono getini kampuni ya bima itaomba namba ya leseni kabla ya kuomba kitu kingine chochote.

Na ukaguzi sio wa mara moja. Rejista ipitie tena kwa watu wote angalau kila mwezi, na kila mtu anaporudi kutoka likizo ndefu au baada ya kukaa bila zamu muda mrefu, maana hapo ndo mtu anaweza kuwa amekamatwa, amesimamishwa na hajakwambia. Kama mamlaka yenu ina huduma ya kumjulisha mwajiri leseni ikibadilika hali jiandikishe, ila usiiache ikukague badala yako.

Sasa hao wawili. Njia ya haraka ni kuazima kwa kampuni rafiki na mi nadhani hapa ndo makosa mengi yanapozaliwa, sio kwenye kuajiri. Kwenye kuajiri mtu ana muda, anakagua. Kuazima kunafanyika kwa simu, "nipe watu wawili wa usiku", "sawa wanakuja", wanashuka kwenye pikipiki na sare ya rangi nyingine na hakuna aliyeona hata kadi. Na pengine rafiki yako naye kaazima kwa mwingine. Sheria ya sehemu nyingi haijali umeazima au umeajiri, kama wewe ndo umemweka lindoni wewe ndo unaulizwa.

Kwahiyo unapoazima omba kabla hawajatoka huko, jina kamili, namba ya leseni na picha ya kadi mbele na nyuma. Unaziandika mwenyewe kwenye rejista. Unauliza kampuni rafiki leseni yake inairuhusu kutoa walinzi kwa kampuni nyingine, kuna sehemu hiyo ni ruhusa tofauti, na unaangalia mkataba wako na mteja kama unakubali watu wa kuazima, mingi inakataza bila idhini ya maandishi. Halafu mtu akifika geti supavaiza anashika kadi mkononi, analinganisha uso, analinganisha namba na ile uliyoituma, anaandika kwenye kitabu cha matukio saa na namba ya leseni ndo anampa redio. Akija mtu tofauti na aliyetajwa, hata kama ni ndugu yake, hata kama ana kadi nzuri, hapewi redio mpaka namba yake ipite kwenye rejista, na supavaiza wako awe na simu yenye data kwa kazi hiyo, maana akikwambia "mtandao haukuwepo nikamwacha aingie" umerudi kulekule.

Kama usiku katikati ya zamu ukagundua mmoja leseni yake imesimamishwa, unamtoa pale pale. Sio asubuhi. Supavaiza anachukua nafasi yake ya lindo kama leseni yake inamruhusu, anaandika saa ya kumtoa, unampigia mteja usiku huohuo umwambie walinzi wamepungua mmoja na lini wa badala anafika, na asubuhi unaiandikia mamlaka kama sheria yenu inakutaka utoe taarifa. Mteja atalalamika. Na atakulipa zamu tano badala ya sita.